Pua Haina Makosa, Mkono Ndio Mfupi



Tuna ugomvi, na leo tunautoa nje. Hatugombi na poda wala wanja, wala na shela la kukodi lenye mkia wa kuburuza ukumbi mzima. Tunagomba na maneno mawili ambayo kila mpiga picha wa harusi siku hizi anayo mdomoni, na mabinti wetu wameyapokea kama sehemu ya mahari: "Tutarekebisha baadaye."

Baadaye ni wapi? Hebu tulifuate hilo neno hadi mwisho wake. Baadaye ni kompyuta iliyoko kwenye chumba usichokijua, na mbele yake amekaa kijana usiyemjua. Picha yako ya upande wa wanawake, uliyopigwa nywele wazi, mabega wazi, na hina mpaka kwenye viwiko, imekuzwa mpaka shavu lako limejaa kioo kizima. Kijana anapita na kalamu yake ya kompyuta juu ya kila kinyweleo. Kazi hiyo haiishi siku moja. Picha zinakaa hapo wiki tatu, mwezi, zinahamia kwenye flashi, nyingine zinatumwa kwa WhatsApp kwa mwenzake anayemsaidia. Ndugu zako walisimama mlangoni usiku mzima wakizuia wanaume wasichungulie ukumbini, kisha asubuhi mkatoa ukumbi wote ndani ya kadi ndogo kama ukucha.

Hatusemi vijana hao ni wabaya. Wengi ni watoto wa watu, wanatafuta riziki. Tunasema kila picha inayohitaji kusahihishwa ni picha inayotoka nyumbani, na isiyohitaji kusahihishwa inaweza kubaki. Na usidhani programu ya bure kwenye simu yako ndiyo siri. Mwaka 2019 watu duniani walishtuka kujua kwamba FaceApp, ile ya kumzeesha na kumfanya mtu kijana, ilikuwa inapeleka picha kwenye seva za mbali na kuzifanyia kazi huko. Wewe umekaa kitandani na mlango umeufunga, uso wako umekwishasafiri.

Sasa jambo linalotuudhi zaidi ni kwamba mengi yanayorekebishwa si kasoro za bi harusi. Ni kasoro zilizotengenezwa na mpigaji, kwa sababu mbili tu: amesimama karibu mno, na amewasha taa akaacha dirisha. Pua imekuwa pana, basi inapunguzwa. Ngozi imekuwa kijani, basi inapakwa weupe. Macho yamekuwa mashimo, basi yanajazwa. Analipwa kwa kufuta alichokichora mwenyewe.

Tutaeleza kwa nyumba moja ya Dodoma. Mnajua kwamba tangu Serikali ilipoanza kuhamia kule mwaka 2016, mabinti wengi wa visiwani na wa pwani wamefuata waume zao au kazi zao bara, na baadhi yetu tunaoandika hapa ni miongoni mwao. Kwa hiyo nyumba za Dodoma tunazijua kwa ndani. Hii ilikuwa Nkuhungu, mwezi wa nane, upepo unavuma na vumbi jekundu limejaa kila mahali. Sebule mpya, nzuri, dari la jipsamu lenye mkanda wa taa za buluu pembeni na taa ndogo ndogo zinazomulika chini moja kwa moja. Kuta za kijani kibichi, rangi ya mafuta inayong'aa. Dirisha kubwa la alumini lipo, lakini wapambaji walikuwa wamelifunika lote kwa pazia la maua na kulisimamisha jukwaa la bi harusi mbele yake. Yaani taa bora kuliko zote nyumbani mle ilikuwa nyuma ya maua ya plastiki.

Chumba kilijaa wageni, mpiga picha akawa anapiga akiwa hatua moja kutoka kwa bi harusi. Picha zilirudi baada ya wiki mbili. Uso mweupe kama unga wa sembe, mikono ya rangi yake ya asili, kana kwamba vichwa vimebadilishana miili. Katika picha moja bi harusi alikuwa ameweka kiganja shavuni kuonyesha hina, na kilainishi cha ngozi kilipopita juu ya uso kilipita na juu ya kiganja, ua zima la hina likafutika kama limesuguliwa kwa sabuni. Mtu alikaa saa nne ananyooshewa mkono achorwe, na picha ikasema hakuchorwa.

Tuanze na hiyo hatua moja, kwa sababu ndiyo inayozaa malalamiko ya pua, na malalamiko ya pua ndiyo mengi kuliko yote tunayoletewa.

Kamera haijui uso wako, inajua umbali tu. Kilicho karibu inakichora kikubwa, kilicho mbali inakichora kidogo. Chukua kwamba kutoka ncha ya pua hadi sikio kuna kama sentimita 12. Ukijipiga selfi mkono ukiwa umejikunja kidogo, simu iko kama sentimita 30 kutoka puani. Basi sikio liko mbali zaidi kwa sentimita 12 juu ya 30, karibu nusu ya safari nzima. Kamera inalipunguza sikio na kuivimbisha pua, paji linasonga mbele, masikio yanakimbilia nyuma, uso unakuwa mwembamba pembeni na mnene katikati. Sasa rudi nyuma mpaka mita moja na nusu. Zile sentimita 12 hazijabadilika, lakini juu ya 150 ni kitu kidogo sana, kwa hiyo pua na sikio vinachorwa karibu kwa kipimo kimoja, kama anavyokuona mtu aliyekaa nawe mkekani.

Hili si la kubuni. Mwaka 2018 jarida la Marekani la wapasuaji wa uso, JAMA Facial Plastic Surgery, lilichapisha hesabu ya jambo hilihili. Kwa umbali wa sentimita 30 pua huonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30, na kwa mita moja na nusu uongo huo karibu wote unatoweka. Waliofanya hesabu hiyo walisukumwa na wagonjwa wanaokuja na selfi mkononi wakiomba wapunguzwe pua. Fikirini hapo, mabibi. Mtu anataka kisu kwa sababu ya urefu wa mkono wake.

Na huku kwetu, ambako wengi wetu tumejaaliwa pua zilizokaa vizuri usoni, vichujio vya simu vinajifanya kutusaidia kwa kuzibana. Binti wa miaka kumi na sita anaiona pua yake iliyovimbishwa na kamera, kisha anaiona iliyobanwa na kichujio, na ile ya kweli, aliyoirithi kwa bibi yake, haioni kabisa, kwa sababu hakuna anayempiga picha kutoka mbali. Hilo ndilo linalotutia hasira.

Dawa yake ni ya bure. Usijipige kwa mkono. Mpe simu dada yako, wifi yako, mtoto wa jirani, asimame hatua mbili kubwa kutoka kwako, kisha aguse 2x kwenye kioo ili uso ujae. Wengine hufanya kinyume: wanasogea ili uso ujae. Kusogea ndiko kunakobadilisha sura, kukuza hakuibadilishi. Kama uko peke yako, egemeza simu juu ya meza dhidi ya mtungi au juzuu la vitabu, geuza kamera ya nyuma ikutazame, weka saa ya sekunde 10, rudi kwenye nafasi yako utulie. Katika simu za bei ya kawaida 2x hupunguza ukali wa picha kidogo, ni kweli. Lakini picha itakayotazamwa kwenye simu haitaonyesha upungufu huo, ila pua iliyovimba itaonekana hata kwa mwenye miwani iliyovunjika.

Urefu wa simu nao una lake. Iwe usawa wa macho, au chini yake kidogo tu. Ile desturi ya kuinua mkono juu ili kidevu kisionekane hukuza paji na kufupisha shingo, na shingo ya bi harusi yenye kidani ndiyo mtu aliyoitolea pesa.

Picha ya ukoo ina balaa lake. Mpigaji anaona watu ni wengi, chumba kidogo, anagusa 0.5 au anasogea karibu na kuwataka wabanane. Kamera pana huvuta vilivyo pembeni. Anayesimama katikati anatoka sawa, anayekaa ukingoni anavutwa kama unga wa chapati. Na nani hukaa ukingoni siku zote? Shangazi mnene, anayejiona anaharibu picha. Picha inatoka, anajiona mara mbili ya alivyo, mwaka unaofuata anakataa kupigwa. Mwekeni shangazi katikati, karibu na bibi. Ukingoni wekeni vijana wembamba, na hata wao waacheni nafasi ya mtu mmoja kutoka mwisho wa kioo. Mpigaji arudi nyuma mita tatu au nne. Chumba kikiwa kidogo apigie akiwa koridoni, mlango ukiwa wazi, au nje dirishani. Watu wasisimame mstari mnyoofu, wajipinde kidogo kama mwezi mchanga ili wote wawe umbali mmoja na kamera.

Haya, dirisha.

Wazee wetu walijua. Kule mjini Unguja, kabla ya balbu kuwa kitu cha kila nyumba, wapiga picha walitegemea mwanga wa mchana. Tazameni picha za zamani zilizomo kwenye makabati ya bibi zetu: uso una upande wenye nuru na upande wenye kivuli laini, jicho lina nukta ya mwanga ndani yake, na ngozi ni ngozi, ina rangi yake. Hatusemi hawakurekebisha. Penseli ya kupapasia filamu ilikuwepo tangu hapo. Lakini walianza na mwanga mzuri, na penseli ilikuwa na kazi ndogo.

Kwa nini dirisha? Kwa sababu ni kubwa. Taa ndogo ya dari ni nukta, na nukta hutupa kivuli chenye ukingo mkali. Kila chunusi, kila kovu dogo, kila unywele wa nyusi unapata kivuli chake, na vivuli hivyo ndivyo jicho linavyoviita ngozi mbaya. Dirisha la mita moja kwa mita moja hutoa mwanga kutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Kivuli kinachotupwa na upande wake mmoja kinajazwa na mwanga wa upande wa pili, chunusi ipo, lakini haina kivuli cha kujitangaza. Kile ambacho kilainishi cha simu hufanya kwa kufuta, dirisha hulifanya bila kufuta kitu, na hina inabaki.

Kuna jaribio tunalowafundisha mabinti wote. Inua kitanga chako mbele ya uso, usawa wa mashavu, zunguka polepole chumbani ukitazama vivuli vya vidole kwenye kiganja. Mahali ambapo vivuli ni vikali kama vimekatwa kwa mkasi, usipigwe picha. Mahali ambapo vivuli vinayeyuka, simama hapo. Haichukui dakika moja na haihitaji ujuzi wowote.

Ukishapata dirisha, simama au kaa kama mita moja kutoka kwake. Ukibanana nalo, upande mmoja wa uso unaungua na mwingine unazama. Ukienda mita tatu ndani, mwanga umekwisha, simu inaanza kuchafua picha kwa chengachenga. Uso uuelekeze dirishani, kisha uugeuze kidogo kama unayeitwa na mtu aliye pembeni. Aliye na chunusi au makovu asikae ubavu kwa dirisha, kwa sababu mwanga unaopita ubavuni hukwaruza ngozi na kuinua kila kijipele. Yeye aelekee dirisha zaidi. Upande wenye kivuli, mtu ashike shuka jeupe au kanzu safi nje kidogo ya picha, kivuli kitajaa.

Kisha zima taa. Zote. Hapa ndipo tunapopigana na kila mama wa nyumba, kwa sababu mgeni akija taa huwashwa. Mwanga wa dirisha una ubuluu, wa balbu ya njano una unjano, na mkanda wa dari una rangi za disko. Jicho lako linasamehe, kamera haisamehi. Inajaribu kuchagua rangi moja, inakosea zote, shavu moja linatoka la manjano na lingine la kijivu. Halafu mtu anasema ngozi nyeusi haipendezi kwenye picha. Ngozi nyeusi haina tatizo, ina taa tatu zinazogombana juu yake, na programu inalimaliza gombano kwa kuipaka weupe.

Dodoma ina tabia zake, na zijueni kama mnaolewa huko. Nyumba nyingi mpya zina vioo vya buluu, vya kijani au vya kahawia, kwa ajili ya jua. Mwanga ukipita humo unakuja na rangi hiyo, kwa hiyo telezesha kioo kabisa, mwanga uingie mtupu kupitia neti. Pazia la rangi livute hadi mwisho, jeupe jepesi liache. Kuta za kijani hurudisha kijani shavuni, basi usikae ukiwa umezigusa. Na nje, ardhi yenyewe ni nyekundu. Jua likiipiga, inarusha wekundu kuelekea juu, chini ya kidevu na chini ya pua, na hakuna poda inayouondoa. Tandika mkeka au shuka jeupe mbele ya miguu kabla ya kupiga picha uani.

Na jua lenyewe si la mchezo. Dodoma iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, kiangazi mbingu haina wingu, na jua hufika juu kabisa si saa sita kamili bali yapata saa sita na nusu. Mapema mwezi wa tatu na mapema mwezi wa kumi linasimama utosini hasa. Anayepigwa picha wakati huo uani anatoka na mashimo meusi mahali pa macho, kama aliyekesha wiki nzima hospitalini. Ingieni ndani.

Dirisha gani? Linaloona mbingu lakini halioni jua. Na hapa mwenye kuswali ana faida, kwa sababu kibla chetu, Unguja na Dodoma pia, kiko karibu kaskazini kabisa. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa kumi mwanzoni, mchana jua hupita upande wa kaskazini, upande wa kibla. Basi miezi hiyo chagua dirisha lililo nyuma ya mgongo wako unaposimama kuswali, ndilo lenye mwanga mtulivu siku nzima. Kuanzia katikati ya mwezi wa kumi hadi mwisho wa mwezi wa pili, jua linahamia kusini, nawe hamia dirisha la mbele, la kibla. Ya mashariki yanafaa baada ya saa sita mchana, ya magharibi asubuhi. Jua likiingia likakaa sakafuni, usilikalie, kaa pembeni yake.

Pasipo na dirisha, kuna mlango. Tembe, zile nyumba za asili za Wagogo zenye paa bapa la udongo, hazina madirisha ya maana, giza ndani. Lakini bibi akikaa kigodani hatua moja ndani ya kizingiti, uso ukielekea nje, kivulini, anapata mwanga ambao studio hununua kwa mamilioni. Nyuma yake giza linakuwa pazia jeusi, hakuna cha kufuta wala cha kupaka.

Turudi Nkuhungu. Siku ya tatu, wageni wamepungua, wifi wa bi harusi aliomba arudie picha chache kwa ajili ya mama aliyebaki Unguja. Maua ya plastiki yalikuwa yameondolewa. Ilikuwa saa nne asubuhi, dirisha lile linatazama kusini, na mwezi wa nane jua liko kaskazini, kwa hiyo halikuwa na hata ukucha wa jua ndani yake. Wakatelezesha kioo cha buluu, wakazima taa na ule mkanda wa dari. Bi harusi akakaa kwenye stuli, mita moja kutoka dirishani, akageuka kidogo. Mdogo wake akashika shuka jeupe upande wa ukuta wa kijani, likaziba na rangi ya ukuta. Wifi akafuta kioo cha kamera kwa ncha ya mtandio, kilikuwa na mafuta ya vidole, na mafuta hayo peke yake hutia ukungu wa kuzubaisha picha nzima. Akarudi mpaka mlango wa koridoni, karibu mita tatu, akagusa 2x.

Picha ya kwanza uso ulitoka mweusi kuliko ulivyo, na hilo mlijue kwa sababu ni la kila bi harusi. Simu nyingi zikiona shela jeupe limejaa zinadhani chumba kina mwanga mno, zinapunguza, na uso unapunguzwa pamoja nalo. Ukivaa baibui jeusi inakuwa kinyume: inaongeza, uso unapauka. Wengi hapo ndipo hukimbilia kichujio cha weupe. Alichofanya wifi ni kugusa uso kwenye kioo cha simu, kikatokea kialama cha jua, akakisukuma juu kidogo mpaka shavu likawa la rangi yake na mishono ya shela bado ikionekana. Kwa baibui angekisukuma chini. Kabla ya hapo alikuwa ameingia kwenye mipangilio akaondoa Beauty, maana simu nyingi tunazonunua huja na kilainishi kimewashwa tangu dukani, na mtu anaweza kuishi nacho miaka bila kujua.

Picha kumi na nne zilipigwa. Saba zilikwenda Unguja kama zilivyo, kwa simu ya wifi hadi simu ya mama, basi. Hakuna mtu wa tatu aliyeziona. Kwenye kiganja cha shavuni hina inahesabika majani.

Tunajua tutakayojibiwa. Kwamba kichujio ni pambo, kama wanja. Si sawa. Wanja uko usoni, akija mtu anaukuta. Kichujio hakiko popote. Na si jambo la kuchezea pale picha inapokwenda kwa watu wa posa. Kijana ameruhusiwa kumtazama anayemposa ili aamue kwa macho yake, sasa anatumiwa uso uliobanwa pua na kupunguzwa taya, akija sebuleni anamtafuta yule wa kwenye simu. Huko tunakuita kwa jina lake, kughushi, na anayeumia wa kwanza ni binti anayeiona ile nukta ya mshangao machoni mwa mgeni.

Tutaambiwa pia kwamba harusi nyingi ni za usiku, dirisha halipo. Kweli. Dirisha lilikuwepo tangu alasiri. Apigwe picha za uso saa kumi, akishapambwa, kabla watu hawajajaa. Usiku zibaki za shamrashamra, ambazo hakuna anayehesabu vinyweleo vyake. Ikibidi usiku, taa za aina moja tu ziwashwe, zielekezwe kwenye ukuta mweupe ulio mbele ya bi harusi, na ukuta uwe dirisha lake. Na tunakubali lililo la kweli: kovu la kuungua, ukungu wa jicho, jino lililovunjika wiki ya harusi, dirisha haliyaondoi. Anayetaka kovu lake lipunguzwe kwenye picha moja ya ukutani hatumgombezi. Tunamgombeza anayeita uso mzima kovu.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa mpiga picha, na ni vema awe mwanamke, msomo au mama akae naye na kumwambia masharti haya. Picha za uso zipigwe mchana, kwenye dirisha tutakalokuonyesha, na wapambaji wameshaambiwa wasilizibe. Usisogee chini ya mita moja na nusu. Kadi inabaki nyumbani, picha unachagua hapahapa kwenye kompyuta yetu. Hatulipi weupe, hatulipi pua. Na akisema chumba ni kidogo hawezi kurudi nyuma, mfungulieni mlango asimame koridoni.